Uzi: Niandikeje kwamba maji ya Kibirizi yana uhusiano na ongezeko la joto duniani, bila kudai kisichothibitishwa?

Binti_Mwanga

Wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwandishi wa habari hapa Kigoma Mjini, na kwa wiki tatu sasa naandaa makala kuhusu maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda mwaka 2024 hadi kuingia kwenye nyumba na mabanda ya biashara ya Kibirizi. Mahojiano ninayo ya kutosha, picha ninazo, na mwaloni nimekwenda mara nne. Kinachonikwamisha ni sentensi moja.

Katika rasimu ya kwanza niliandika hivi: “Mabadiliko ya tabianchi yameizamisha Kibirizi.” Mhariri wangu aliipenda, akasema ndiyo iwe kichwa cha habari. Jioni ile nilimsomea baba yangu mkubwa, aliyezaliwa Ujiji na ambaye sasa ana miaka 78. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Na mwaka sitini na nne, maji yalipopanda tukahamisha mitumbwi hadi kwenye mashamba, nani aliyetuzamisha?” Sikuwa na jibu.

Sina shaka kwamba dunia inapata joto na kwamba shughuli za binadamu ndizo chanzo kikuu, na sitaki makala yangu igeuzwe kuwa silaha ya wanaolikana jambo hilo. Lakini pia sitaki kuandika maneno ambayo mtaalamu wa maji akiyasoma ataliweka gazeti kando. Naomba anayejua anisaidie: kati ya joto la dunia na sakafu ya nyumba iliyolowa Kibirizi kuna hatua ngapi, na kila hatua niiandike kwa maneno gani?

Kijani_Kasulu

Dada, usijisumbue kiasi hicho, ushahidi upo tayari. Mwaka 2003 zilichapishwa tafiti mbili kubwa zilizoonyesha kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto, na mwaka 2010 ukatoka utafiti mwingine ulioonyesha kwamba joto la maji ya juu limefikia kiwango kisichoonekana kwa miaka 1,500 iliyopita. Kila mtu anajua kwamba maji yakipata joto hupanuka, na ndiyo maana bahari inapanda. Ziwa limepata joto, kwa hiyo limepanda. Andika hivyo, taja tafiti hizo, na hakuna atakayekupinga.

Sisi katika shughuli zetu za mazingira tumekuwa tukilisema hili kwenye mikutano ya vijiji kwa miaka kadhaa na wananchi wanatuelewa.

Mpimaji_Mstaafu

Ndugu yangu wa Kasulu, tafiti ulizozitaja ni za kweli, lakini umeziweka mahali pasipo pake. Zinazungumzia joto la maji na jinsi lilivyopunguza kuchanganyika kwa tabaka za ziwa, hata virutubisho vilivyoko chini vikawa havipandi juu vya kutosha kulisha mimea midogo ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Kama Binti_Mwanga angekuwa anaandika makala ya samaki, ningemwambia aanzie hapo hapo. Yeye anaandika kuhusu usawa wa maji, na hilo ni swali jingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tabaka la juu la mita 100, ulipashe joto kwa nyuzi nzima 1 ya sentigredi, na litapanuka kwa sentimita zisizofika 3. Ziwa letu limepanda kwa kiwango kinachohesabiwa kwa mita. Isitoshe, joto likizidi uvukizi nao huzidi, na uvukizi hulishusha ziwa. Kwa hiyo ukitumia joto la ziwa kuwa sababu ya maji kupanda, mtaalamu wa kwanza atakayesoma atakuambia kwamba ushahidi wako unavuta upande wa pili.

Binti, kabla ya kuuliza sababu ni nini, amua kwanza tukio lenyewe ni lipi. Neno “mafuriko” linakudanganya. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja na korongo likabomoa nyumba asubuhi, hilo ni tukio la saa chache, na unaweza kuuliza kuhusu mvua ya usiku ule. Kilichotokea Kibirizi si hicho. Ziwa ni kama ghala: linaingiza mvua inayonyesha juu yake, maji ya Malagarasi kutoka huku kwetu, ya Ruzizi yanayotoka Ziwa Kivu, pamoja na mito midogo mingi. Linatoa kwa njia mbili tu, yaani uvukizi, ambao ndio unaochukua sehemu kubwa kabisa, na Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, ambao ni mlango mwembamba. Kwa kuwa mlango ni mwembamba, ziada ya msimu mmoja haiishi msimu huo. Inabaki ghalani, na msimu unaofuata unaanzia juu yake.

Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 2019. Ziwa likapanda 2020, likapanda zaidi 2021, na halikuwa limeshuka vya kutosha ulipofika msimu wa 2023 hadi 2024 uliokuwa na mvua nyingi tena. Maji uliyoyapiga picha Mei 2024 ni jumla ya takriban miaka mitano. Ukiandika “mvua za Aprili zimeizamisha Kibirizi” utakuwa umekosea hata kabla hujafika kwenye tabianchi.

Kuhusu swali la baba yako mkubwa, yuko sahihi. Mvua za 1961 hadi 1964 zilipandisha maziwa yote makubwa ya Afrika Mashariki, na usawa wa Tanganyika mwaka 1964 ulifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu pale pale ulipofika 2024. Neno “haijawahi kutokea” lifute popote ulipoliandika.

Mama_Vichanja

Wanangu, nimeona mnazungumzia Kibirizi na mimi ndiko ninakofanyia kazi tangu 1998, nakausha na kuuza dagaa. Vichanja vyangu vyote vilikwenda na maji, na banda nililokuwa nikihifadhia magunia lilisimama majini miezi mingi hadi matofali yakalainika. Ninachotaka kujua ni hiki: makala hii ikitoka, tutalipwa fidia? Na fidia hiyo inaombwa ofisi gani?

Niwaeleze pia kwamba pale nilipoweka vichanja palikuwa pakavu kabisa. Kuna miaka maji yalirudi nyuma sana, mpaka tukawa tunalipa vijana wabebe mizigo kutoka kwenye mtumbwi kwa mwendo mrefu juu ya mchanga. Watu wakaona mchanga umekuwa ardhi, wakagawana viwanja, na wengine wakajenga kwa matofali ya kuchoma. Mimi mwenyewe nilisogea mbele mara mbili kulifuata ziwa. Lilipogeuka, likatukuta sisi wa mbele kwanza.

Binti_Mwanga

Mama, shikamoo, na pole sana. Habari ya fidia siijui, na sitaki kukupa matumaini yasiyo na msingi kwa sababu ya makala yangu. Lakini naomba ruhusa nikutafute, kwa sababu ulichokieleza kuhusu kusogea mbele mara mbili ndicho kilichokuwa kinakosekana katika rasimu yangu yote. Nilikuwa nimeandika kwamba ziwa liliwavamia watu. Sikuuliza watu walifikaje pale.

Mzee Mpimaji, nakushukuru. Nimeanza kuchora mnyororo: joto la dunia, kisha mvua, kisha usawa wa ziwa, kisha nyumba ya mtu. Swali langu sasa ni la pete ya kwanza, ile inayounganisha joto na mvua. Hapo ndipo naogopa zaidi.

Meza_ya_Habari

Niongeze kidogo kwa upande wa lugha, kwa kuwa nimehariri habari za mazingira Dar es Salaam kwa muda mrefu na makosa mengi niliyoyaona yako kwenye vitenzi.

Waandishi wengi wanapogundua kwamba “imesababisha” ni nzito, hukimbilia “imechangia” wakidhani wamejificha. Hawajajificha. Ukisema ongezeko la joto limechangia maji ya Kibirizi, umedai kwamba katika maji yale yale kuna sehemu iliyoletwa na joto, na msomaji ana haki ya kukuuliza umeipimaje. “Imechangia” ni dai dogo kuliko “imesababisha”, lakini bado ni dai.

Kiswahili chetu kimetupa njia safi ya kulitatua hili, nayo ni viambishi vya wakati. Yale yanayojulikana kuwa kanuni ya maumbile, yaandike kwa hu-: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 inayoongezeka, na mvua kubwa hunyesha kwa nguvu zaidi katika hewa ya namna hiyo. Hapo hujasema lolote kuhusu Kibirizi, umesema dunia inavyofanya kazi. Yale yaliyopimwa hapa, yaandike kwa -li- au -me-: usawa wa ziwa ulifika kiwango fulani, mvua ya msimu ilizidi wastani kwa kiasi fulani, ubao wa kipimo ulifunikwa. Kosa linatokea pale mwandishi anapochukua sentensi ya hu- na kuigeuza -me- bila kipimo chochote katikati. “Joto huongeza nguvu ya mvua” ni kweli. “Joto limeongeza mvua ya Kibirizi” inahitaji mtu aliyefanya kazi ya kupima.

Kabla ya kutuma rasimu, ipitie kwa kalamu nyekundu na uzungushie kila -me- na -li- inayohusu tabianchi, kisha uandike pembeni ni nani aliyepima. Isiyo na jina pembeni, irudishe kwenye hu- au iondoe.

Kijani_Kasulu

Nimekubali kuhusu kupanuka kwa maji, mzee wangu, nilikosea na ninashukuru kurekebishwa. Lakini niruhusuni niseme ninachokiogopa. Nchi zilizochafua hewa kwa miaka mingi zina wataalamu wa kutosha wa kusema “huenda”. Sisi tukianza kuandika kwa tahadhari namna hii, fedha za kusaidia waathirika wa hasara za tabianchi zitakwenda kwa wanaosema kwa sauti kubwa. Mama wa vichanja ameuliza fidia. Kwa hiyo tukiandika “huenda”, tumemwandikia nini yeye?

Mpimaji_Mstaafu

Hofu yako ina msingi na siipuuzi. Lakini anayeshikilia fedha hizo naye ana wataalamu, na dai moja lililozidi kipimo likivunjwa, madai mengine kumi ya kweli yaliyo kwenye faili lile lile nayo hutiliwa shaka. Hilo nimeliona mwenyewe katika kikao kimoja cha maji miaka ya nyuma, ambapo taarifa nzima ya kijiji ilirudishwa kwa sababu ya grafu moja.

Nirudi kwa Binti. Pete ya kwanza ina njia ya kupimwa, na wapo wanaoipima. Wanachofanya ni kulinganisha dunia ya sasa na dunia ya kwenye modeli ambayo haikupashwa joto na binadamu, kisha wanauliza tukio kama hili lingekuwa na uwezekano gani katika kila moja. Ziko tafiti tatu za jirani ambazo ningezisoma kabla ya kuandika, na kila moja inafundisha jambo tofauti.

Ya kwanza ni ya Ziwa Victoria. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Mei 2020 ziwa lile lilipanda kwa zaidi ya mita 1 na kuvunja rekodi. Utafiti uliochapishwa 2024 uliuliza swali linalofanana sana na lako, kwa sababu haukupima mvua ya siku moja, ulipima kupanda kwa ziwa katika kipindi cha miezi sita hivi. Makadirio yao bora ni kwamba ongezeko la joto lilifanya kupanda kwa namna ile kuwe na uwezekano mara 1.8 zaidi, na kwamba katika ule mpando kulikuwa na takriban sentimita 7 zilizotokana na joto hilo. Wao wenyewe wakasema wazi kwamba upana wa makadirio yao unagusa pia uwezekano wa kutokuwepo athari yoyote. Tafakari sentimita 7 ndani ya mita na ushei. Anayesoma haraka atasema ni kidogo, lakini kwa nyumba ambayo sakafu yake ilikuwa sentimita 5 juu ya maji, hizo 7 ndizo tofauti ya kulala ndani na kulala kwa jirani.

Ya pili ni ya mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki, iliyofanywa na kundi la World Weather Attribution. Waliangalia siku 30 zenye mvua nyingi zaidi, wakakadiria kwamba zilikuwa na mvua zaidi kwa takriban asilimia 5 kwa sababu ya joto, tena kwa uhakika mdogo. Wakatilia mkazo kwamba ukubwa wa madhara ulitokana sana na mahali na namna miji ilivyojengwa.

Ya tatu ni ya kundi hilo hilo, kuhusu maafa ya Mei 2023 kuzunguka Ziwa Kivu, ambalo maji yake huja kwetu kwa Ruzizi. Walichapisha kwamba takwimu za mvua za eneo lile hazitoshi kuwezesha kusema lolote kuhusu mchango wa joto. Hii ndiyo ningependa uisome mara mbili. Hawakusema “hapana”, walisema vipimo havitoshi, na vipimo havitoshi kwa sababu vituo ni vichache. Hilo nalo ni habari, na linatuhusu sana sisi wa magharibi.

Sasa tahadhari: usichukue 1.8 ya Victoria ukaibandika Tanganyika. Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na maji yake yanatoka kwa kupitia mabwawa ya Jinja yanayoendeshwa na watu. Letu hutegemea mito zaidi, na mlango wake hauna wa kuuendesha. Misimu nayo haifanani: Kigoma tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Aprili au Mei, wakati tafiti hizi nyingi zimekata mwaka kufuata vuli na masika. Kabla ya kuazima namba ya jirani, jiulize kama ni msimu ule ule, eneo lile lile, na kitu kile kile kilichopimwa. Ikikosa kimoja, mtaje jirani kama jirani.

Binti_Mwanga

Nimeelewa, na nakiri kwamba nilikuwa tayari kuandika “mara mbili” kwa sababu niliiona mahali. Nimetafuta utafiti wa namna hiyo uliofanywa kwa Ziwa Tanganyika lenyewe na sijaupata. Je, niseme hivyo ndani ya makala, au niache kimya?

Mpimaji_Mstaafu

Sema. Andika kwamba ulitafuta na hukuupata. Wasomaji wakijua pengo lilipo watajua pia cha kudai.

Na jambo la takwimu zako: nenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi iko hapo hapo Kigoma, uombe mfululizo wa usawa wa ziwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa uombe mvua ya kituo cha Kigoma kwa miaka mingi kadiri wanavyoweza kukupa. Kama kutakuwa na miaka iliyokatika, setilaiti zinapima usawa wa ziwa tangu 1992, na mvua ya setilaiti ya CHIRPS inaanzia 1981. Ukichora grafu, mwanzo wake utakushawishi vibaya. Ukianzia miaka ya kati ya 2010, maji yalipokuwa chini, mstari utapanda kama ngazi na kila mtu atashtuka. Ukianzia 1964, mstari utashuka kwa miongo mingi na kisha kurudi juu. Grafu zote mbili zina namba za kweli. Iweke ile ndefu, halafu ueleze kwa maneno kwamba sehemu ya mwisho ilipanda kwa kasi.

Kumbuka pia kwamba miaka hiyo ya maji kushuka habari za mkoa wetu zilikuwa za bandari kukosa kina na mpango wa kujenga banio kwenye Lukuga ili kuzuia maji yasitoke, na wapo walioandika wakati ule kwamba kushuka kule ni tabianchi. Msomaji mwenye kumbukumbu atauliza inakuwaje sababu moja ishushe na ipandishe. Jibu lipo, kwa kuwa joto huzidisha uvukizi na pia huzidisha mvua kubwa zinapokuja, lakini jibu hilo haliwezi kufupishwa kuwa kichwa cha habari.

Meza_ya_Habari

Naomba mzee aguse Bahari ya Hindi. Nimeona makala nyingi zikiandika kwamba mvua zile zililetwa na “dipoli” na si tabianchi, kana kwamba ni lazima uchague moja.

Mpimaji_Mstaafu

Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ulikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Indonesia kwa kiwango cha nadra sana, na hali hiyo, ambayo ndiyo dipoli yenyewe, hutuletea mvua. Mwaka 1961 hali kama hiyo ilikuwepo pia, na 2023 ilirudi pamoja na Elinino. Hiyo ni sababu ya asili ya kuyumba kwa misimu, na ndiyo jibu la kwanza kwa baba yake mkubwa. Lakini dipoli ya 2019 ilitokea juu ya bahari ambayo tayari ilikuwa imepata joto kuliko ile ya 1961, na mvuke uliobebwa ulitoka kwenye bahari hiyo. Kwa hiyo mambo mawili yanaweza kuwa kazini kwa wakati mmoja. Kama joto la dunia linazifanya dipoli kali ziwe za mara kwa mara zaidi, wataalamu bado wanajadiliana, na mimi nisingeliandika kama jambo lililokwisha.

Mwana_wa_Kalemie

Salamu kutoka ng’ambo. Nimesoma uzi wote na nimeona Lukuga imetajwa kama mlango lakini hakuna aliyeusimamia. Mimi ni mkazi wa Kalemie, na mdomo wa mto ule ninauona kila wiki. Mchanga unaoletwa na maji pamoja na matete vinapunguza upenyo, na watu wanalima hadi ukingoni. Historia nayo inalijua jambo hili: wasafiri waliofika miaka ya 1870 waliukuta mdomo umezibwa na mchanga na mimea, ziwa likawa linapanda, hadi karibu 1878 kizuizi kilipovunjika na maji yakashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Hakuna aliyehitaji joto la dunia kwa kisa kile.

Kwa hiyo, dada, ukiandika mvua peke yake, utakuwa umeruka nusu ya maelezo. Kwa maoni yangu Lukuga ndiyo sababu yenyewe.

Mpimaji_Mstaafu

Ndugu wa ng’ambo, Lukuga ni lazima iwemo, na nakushukuru. Lakini “ndiyo sababu yenyewe” ni kosa lile lile la Binti la siku ya kwanza, ila limehamia upande wa pili. Uvukizi ndio unaotoa maji mengi zaidi, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi kabisa, mvua nyingi za miaka mitano zingelipandisha ziwa. Mlango uliobanwa hulifanya lipande zaidi kidogo, na hasa hulifanya lichelewe kushuka. Kidogo hicho ni kiasi gani, kinapatikana kwa kupima mtiririko wa Lukuga katika usawa ule ule wa ziwa, miaka ya nyuma na sasa. Bila vipimo hivyo, mimi na wewe tunabishana kwa macho.

Binti_Mwanga

Nimekesha na aya hii. Naomba muipasue.

“Kati ya 2019 na 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi karibu kiwango cha 1964, na maji yakaingia kwenye makazi ya Kibirizi. Kupanda huko kulitokana na misimu kadhaa ya mvua nyingi iliyofuatana, ambayo miwili kati yake iliambatana na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Ongezeko la joto duniani huifanya hewa ibebe mvuke mwingi zaidi, na utafiti wa Ziwa Victoria ulikadiria kwamba joto hilo liliongeza uwezekano wa ziwa lile kupanda kama lilivyopanda 2020, ingawa kwa uhakika mdogo. Mwandishi hakupata utafiti kama huo kwa Ziwa Tanganyika. Hali ya mdomo wa Mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya mto kutoka ziwani, nayo huathiri kasi ya maji kushuka. Wengi wa walioathirika walikuwa wamejenga juu ya mchanga ulioachwa wazi miaka ziwa lilipokuwa chini.”

Katika sehemu ya makazi nimeongeza sheria ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hapo nimepata swali jipya: mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Kama ufuko una mteremko wa mita 1 kwa kila mita 40, maji yakipanda mita 2 ukingo unasogea mita 80. Mtu aliyejenga mita 70 kutoka majini mwaka wa ukame alitii sheria, na bado amezama.

Meza_ya_Habari

Aya ni nzuri. Nina jambo moja tu: “ingawa kwa uhakika mdogo” imekuja mwishoni kabisa na msomaji ameshapita. Iweke mwanzo: “utafiti, ambao wenyewe unasema haujafikia uhakika mkubwa, ulikadiria…” Na swali lako la ukingo wa mwaka gani ningelipandisha juu, karibu na picha ya kwanza. Hapo ndipo mtu wa halmashauri ana la kujibu, tofauti na joto la dunia ambalo hawezi kulipunguza kutoka ofisini kwake.

Kichwa cha habari mpe mhariri wako chenye swali la ukingo. Akikataa, mpe chenye mwaka 1964 ndani yake.

Kijani_Kasulu

Mimi bado naona sentensi ya joto imepata nafasi ndogo kuliko inavyostahili, lakini siwezi kuonyesha neno ambalo ni la uongo.

Mama_Vichanja

Mwanangu, njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, nitakuonyesha nguzo ya kichanja cha mwaka 2016 ambayo bado imesimama majini. Uje na kamba ndefu upime mwenyewe kutoka pale hadi ufukweni.

Mwana_wa_Kalemie

Na mimi Jumapili nitakwenda mdomoni mwa Lukuga, nipige picha kutoka darajani. Nitaziweka hapa pamoja na tarehe. Za miaka ya nyuma za mahali hapo hapo ninazo mbili, nitazitafuta.

Binti_Mwanga

Mama, nitakuja na kamba. Ndugu wa Kalemie, sentensi ya Lukuga nimeiacha na nafasi wazi hadi picha zako zifike.